Kahawa ya Daku na Kahawa ya Baada ya Futari: Namna ya Kuipima Ili Kichwa Kisiume na Kiu Isikushinde

Mimi huuza kahawa tungu jioni hapa Kaloleni, Kisumu, kwa dele na vikombe vidogo. Kila mwaka, tarehe mbili au tatu za Ramadhani, huja wateja walioshika vipaji vya nyuso. Futari imeliwa, maji yamenywewa, lakini mtu bado amekunja uso, na akipiga vikombe viwili anasema, "Sasa nimepona." Kwa miaka mingi nilifurahia maneno hayo. Siku hizi yananihuzunisha, kwa sababu najua mtu huyo ameshinda tangu adhuhuri akiteseka kwa jambo ambalo lingezuilika wiki mbili kabla ya mwezi kuandama.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyezoea kahawa au chai ya rangi nzito, ambaye hataki kuacha, ila anataka kufunga bila kichwa kupasuka wala koo kukauka. Nitaufuata mfano wa mtu mmoja, shemeji yangu mwendesha bodaboda wa steji ya Kondele, kwa sababu kwake nilijaribu kila hatua na nikaona ni wapi inashika na ni wapi inateleza.

Kwanza, fahamu saa zako

Maumivu ya kichwa ya kukosa kahawa hayaji ovyo. Huanza kati ya masaa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, hufikia kilele siku ya kwanza hadi ya pili, na yakiachwa yajimalize yenyewe yanaweza kuchukua siku 2 hadi 9. Sababu ni kwamba kafeini, ile dawa iliyomo ndani ya kahawa, hubana mishipa ya damu kichwani na huziba mahali ambapo mwili hupokea ujumbe wa uchovu. Ukinywa kila siku, mwili hujizoesha kuishi na huko kubanwa. Ukikatiza ghafla, mishipa hupanuka na damu hupita kwa wingi kuliko ilivyozoea. Ndipo kichwa kinapodunda.

Sasa linganisha na saa za huku kwetu. Ramadhani inapoangukia Februari na Machi, kama mwaka wa 2026, alfajiri ya Kisumu huingia karibu na saa 11 na nusu, na jua huzama saa 12 na dakika 50 hivi, hata saa 1 kasoro kidogo. Mfungo ni masaa 13 na dakika kama 20. Kwa kuwa tuko kwenye mstari wa ikweta, urefu huo haubadiliki sana mwaka mzima. (Ukiwa Kisumu usifuturu kwa adhana ya redio ya Mombasa. Jua la huko hutangulia kuzama kwa dakika zipatazo 20, na la Nairobi kwa dakika 8 hivi. Nakuru hutangulia Kisumu kwa dakika 5. Shika ratiba ya msikiti wako.)

Hapo unaona jambo lenyewe. Aliyekunywa kahawa ya mwisho jana saa 1 na nusu za usiku, masaa yake 12 yanaisha saa 1 na nusu za asubuhi, na siku nzima iko mbele yake. Aliyekunywa wakati wa daku, saa 10 na dakika 40, masaa yake 12 yanaisha saa 10 na dakika 40 za jioni, baada ya Alasiri. Amebakiwa na masaa mawili tu ya hatari. Kwa hiyo kikombe kinacholinda kichwa ni cha daku. Kile cha usiku ni cha starehe na mazungumzo, na ndicho cha kupunguzwa kwanza.

Watu wengi hufanya kinyume. Wanaiogopa kahawa ya daku kwa sababu wameambiwa inakausha maji, kisha usiku wanakunywa vikombe vitano barazani. Asubuhi wanaamka bila usingizi wa kutosha, na mchana kichwa kinawadai.

Hatua ya kwanza: pima unachokunywa kwa kijiko

Kikombe si kipimo. Kuna kikombe cha bati cha nusu lita na kuna kikombe cha kahawa kinachotoshea vidole viwili. Pima kahawa yenyewe kabla haijaingia majini.

Kijiko kidogo cha chai kilicho sawa, yaani kisicho na kilima juu, cha kahawa ya kuyeyuka kina kafeini kama miligramu 60. Kijiko kikubwa cha chakula kilicho sawa, cha kahawa ya kusaga ya arabika, kina uzito wa gramu 5 hivi, na kafeini yake inakaribia miligramu 60 pia. Kwa hiyo hesabu ni rahisi: kijiko kidogo cha ile ya kuyeyuka ni sawa na kijiko kikubwa cha ile ya kusaga. Kikombe cha chai nzito, ya maziwa au ya rangi, hesabu 50.

Chai ndiyo inayosahauliwa. Huku kwetu, karibu na Kericho na Nandi, chai si kinywaji, ni sehemu ya chakula. Nimeona mtu anaacha kahawa kwa sababu ya Ramadhani, anafuturu kwa vikombe vitatu vya chai iliyokolea, halafu anashangaa usingizi umeenda wapi. Soda ya kola nayo ina kafeini, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya mikebe vina zaidi.

Angalia pia aina ya kahawa. Inayolimwa Bungoma, Mlima Elgon, Kisii na Nyamira ni arabika. Ile ya Uganda inayovukishwa Busia nyingi yake ni robusta, na robusta ina kafeini karibu maradufu. Ukibadilisha unga katikati ya mwezi bila kujua, kijiko kile kile kinakuwa vijiko viwili. Dalili utaiona: moyo unaenda mbio baada ya daku, mikono inatetemeka kidogo, mkojo unakuja mara kwa mara. Muulize anayekuuzia, au ionje. Robusta ina uchungu wa kukwaruza, haina ule uchachu wa matunda ulioko katika arabika.

Shemeji tulimhesabia siku moja ya kawaida tukiwa tumekaa kibarazani. Asubuhi kahawa ya kuyeyuka vijiko viwili, 120. Saa 4 chai ya kibandani, 50. Saa 7 chai tena na chapati, 50. Saa 10 jioni kahawa nyingine vijiko viwili, 120. Usiku chai ya nyumbani, 50. Jumla 390.

"Shemeji," akaniambia, "mimi nilidhani nakunywa kahawa mara mbili tu."

Mtu mzima mwenye afya anashauriwa asizidishe miligramu 400 kwa siku. Alikuwa bado hajavuka, lakini alikuwa ukingoni, na mwaka uliotangulia alilala nyumbani siku mbili za mwanzo wa Ramadhani akidhani ameingiwa na malaria.

Hatua ya pili: anza nusu ya Shaabani

Nusu ya Shaabani ni alama nzuri kwa sababu kila mtu huijua tarehe yake, na inakuachia kama siku 15. Kanuni ni kupunguza kama robo ya jumla yako, ukae siku nne mwili uzoee, kisha upunguze tena. Pamoja na kupunguza, unavisogeza vikombe kutoka mchana kuelekea alfajiri na jioni, ili Ramadhani ikiingia saa zako ziwe zimeshabadilika.

Kwa shemeji ilikwenda hivi. Siku 4 za kwanza tuliondoa chai ya usiku, na kahawa ya saa 10 tukaifanya kijiko kimoja badala ya viwili. Jumla ikashuka hadi 280. Siku ya tatu alilalamika kichwa kizito, si cha kulia, lakini kizito. Nilimwambia arudishe nusu kijiko jioni kwa siku mbili, kisha aendelee. Hiyo ndiyo njia ya kurekebisha: unarudi nusu kijiko, hurudi mwanzo.

Siku ya 5 hadi ya 8, chai ya saa 7 iliondoka, na kile kijiko cha jioni kikasogezwa hadi baada ya Magharibi. Jumla 230. Hapa ndipo palipokuwa pagumu, si kwa kichwa bali kwa mazoea, kwa sababu kibandani wenzake wote wananunua chai. Akawa anaagiza uji, au maji moto yenye tangawizi.

Siku ya 9 hadi ya 12, chai ya saa 4 iliondoka, na kahawa ya asubuhi ikanywewa kabla ya Swala ya Alfajiri. Jumla 180. Siku tatu za mwisho, kahawa ya alfajiri ikawa kijiko kimoja na nusu. Alfajiri 90, jioni 60, jumla 150. Mwezi ulipoandama, hakukuwa na kitu kipya mwilini mwake isipokuwa njaa na kiu vya kawaida.

Kama unayasoma haya Ramadhani imeshaingia na hukujiandaa, usikate ghafla kwa ushujaa. Kunywa vijiko viwili wakati wa daku na kimoja baada ya futari, kisha punguza nusu kijiko kila baada ya siku nne, ukianza na cha usiku.

Hatua ya tatu: kikombe cha daku, na mpangilio wake

Amka saa 10 na nusu. Kabla ya kitu chochote, kunywa bilauri moja ya maji. Kisha anza kula, na kahawa uinywe mapema ndani ya daku, karibu saa 10 na dakika 40, pamoja na chakula. Usiiweke mwisho.

Sababu ni hii. Kafeini hufika kwa wingi katika damu ndani ya nusu saa hadi saa moja, na kama itakupeleka msalani, itaanza wakati huo. Ukiinywa mapema, unapata nafasi ya kwenda msalani kabla ya adhana na ya kurudisha maji kwa bilauri nyingine mbili, ukizinywa polepole. Ukiinywa dakika mbili kabla ya imsaki, mkojo utakuja saa 12 ukiwa umeshafunga, na kinywa kitabaki na uchungu mkavu hadi adhuhuri. Hiyo kiu ya saa 3 asubuhi ambayo watu huilalamikia, mara nyingi ni ladha ya kahawa iliyobaki ulimini, siyo mwili kukosa maji. Sukutua kinywa, piga mswaki, kisha ndipo unuie.

Usiinywe tumbo tupu. Asidi ikipanda wakati umelala baada ya Swala, kifua kitakuwaka moto na huna ruhusa ya kumeza hata maji. Mwenye vidonda vya tumbo asiidhanie kuwa salama hata kidogo. Kwake kahawa ya daku mara nyingi haifai, na ni bora apunguze hadi sifuri kabla ya mwezi.

Kuna tatizo moja ambalo sina suluhisho kamili kwalo. Wale wanaorudi kulala baada ya Alfajiri, kahawa ya daku itawanyima usingizi huo. Shemeji saa 12 na nusu yuko steji, kwake si hoja. Lakini mwalimu mmoja jirani yetu alikuwa akilala hadi saa 2, na kijiko kimoja na nusu kilimfanya ahesabu mabati ya paa. Tulimshusha hadi kijiko kimoja kasoro. Usingizi ukarudi kiasi, na saa 11 za jioni alisikia kichwa kwa mbali. Alisema anaweza kuvumilia hicho kuliko kukosa kulala. Kila mtu atachagua upande wake.

Kahawa tungu ya kutosha nyumba nzima

Kwa wanaopenda ya kuchemsha, hiki ndicho kipimo changu cha Ramadhani, ambacho ni chepesi kuliko cha siku nyingine. Nusu lita ya maji, vijiko vikubwa 4 vya kahawa ya kusaga, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba kilichopondwa, na punje tatu za iliki. Chemsha maji na tangawizi kwanza, tia kahawa, punguza moto, iache itokote dakika 5, ondoa, uiache itulie machicha yazame. Utapata vikombe vidogo 6. Kahawa hiyo ni gramu 20, kafeini yake kama miligramu 240, kwa hiyo kila kikombe kina 40. Wakati wa daku kunywa viwili, usiku kimoja. Ukiipika usiku na kuitia kwenye chupa ya chai, daku haikupotezei muda wa kuwasha jiko, ila ichuje kwanza. Machicha yakibaki ndani hadi alfajiri, uchungu hupita kiasi.

Nawaambia jambo ambalo wauzaji tunalijua na hatulisemi. Dele likikaa juu ya makaa tangu Magharibi hadi saa 4 usiku, maji yanapungua na kahawa inabaki. Kikombe cha mwisho cha usiku ni kizito kuliko cha kwanza, na ndicho kinachonywewa na mtu anayekaribia kulala. Kama muuzaji wako anaongeza unga juu ya machicha yale yale, hapo hakuna anayejua unakunywa nini. Ukitaka kahawa ya mtaani, inunue mapema.

Hatua ya nne: jioni, acha maji yatangulie

Adhana ikilia, funguka kwa tende na maji, bilauri mbili, bila haraka. Swali Magharibi. Kula. Kahawa ije baada ya chakula, karibu saa 1 na nusu, kabla hujaenda Isha.

Mpangilio huu una faida ambayo sikuitarajia nilipoanza kuufuata: unakuambia kichwa chako kinaumwa na nini. Kama ulifuturu na kichwa kinauma, halafu kufikia mwisho wa chakula kimetulia kabla kahawa haijagusa midomo, basi ilikuwa kiu au njaa. Rekebisha maji na daku, usiongeze kahawa. Kama kimeendelea kudunda hadi ukanywa kahawa, kisha kikapoa ndani ya nusu saa hadi saa moja, ilikuwa kahawa. Ongeza nusu kijiko wakati wa daku kesho yake, punguza tena baada ya siku nne. Anayefuturu kwa kahawa moja kwa moja hulipoteza jibu hili, na kila siku anaongeza kikombe akidhani anajitibu.

Zipo dalili nyingine za kutofautisha mchana wenyewe. Kichwa cha kahawa huwa kizito pande zote, na huja na miayo, macho mazito na hasira za karibu. Cha kiu huja na kinywa kikavu, mkojo wa rangi ya chai, na kizunguzungu ukisimama ghafla baada ya kurukuu au kusujudu. Cha njaa huja na jasho jembamba na kutetemeka. Cha kukosa usingizi unaamka nacho asubuhi.

Kisha kuna kile kisichofuata saa wala kikombe. Sisi wa kando ya ziwa tunaishi na malaria mwaka mzima. Kichwa kinachokuja na homa, baridi ya mwili, viungo kuuma au kutapika, usikiite cha kahawa. Nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, na aya iko wazi katika Suratul Baqara. Mwaka ule shemeji aliolala siku mbili hakupimwa. Alikunywa dawa ya malaria iliyosalia nyumbani, akapona siku ya tatu, akaisifu dawa. Ilikuwa kahawa tu. Lakini angeweza kukosea kwa upande wa pili, ugonjwa unaoua akauita kahawa, na hilo ndilo ninaloliogopa.

Kuhusu vidonge vya maumivu: vingi vinavyouzwa dukani vina kafeini ndani yake. Soma pakiti. Anayevimeza kila daku "kwa tahadhari" anajiongezea kahawa bila kujua, na kichwa kikivizoea navyo, kitauma vikikosekana.

Halafu usiku. Baada ya masaa 5 hivi, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Ukinywa saa 1 na nusu, saa 6 na nusu za usiku umebaki na nusu. Ukinywa baada ya Tarawehe, saa 3 na nusu, nusu hiyo itakuwa bado ipo saa 8 na nusu, na saa 10 na nusu unaamka kula daku. Utalala, lakini usingizi wa juu juu. Mama mjamzito, na anayetumia vidonge vya kupanga uzazi, kwao kafeini hukawia zaidi kutoka. Mjamzito aliyeamua kufunga kwa ushauri wa kliniki asivuke miligramu 200 kwa siku nzima.

Mimi mwenyewe biashara yangu kubwa ilikuwa baada ya Tarawehe. Nilihofia kupoteza wateja, kisha nikaanza kuweka dele la pili: tangawizi, iliki, mdalasini na sukari kidogo, bila kahawa. Watu hukaa, huzungumza, hushika kikombe cha moto. Wengi walichokuwa wanakitaka ni hicho.

Kiu: kahawa si mkosaji mkuu

Imeenea kwamba kahawa hukausha mwili. Kwa mtu aliyeizoea, kikombe kimoja au viwili havitoi maji zaidi ya yale vinavyoingiza, au tofauti ni ndogo sana. Ni dozi kubwa kwa mara moja, kuanzia miligramu 250 au 300, ndiyo inayokojoza kweli, na humshika zaidi aliyeacha kwa siku kadhaa kisha akarudi kwa kishindo. Kahawa tungu ina jambo lake dogo: kikombe ni kidogo na maji yake ni machache, kwa hiyo kila kikombe kifuate na bilauri ya maji.

Mkosaji mkuu ni chumvi ya daku. Omena waliokaangwa kwa chumvi nyingi, samaki wa kukausha, bhajia na achari zilizobaki kutoka futari, haya ukiyala saa 11 alfajiri utayalilia saa 5 mchana. Pili ni maji kuyanywa yote kwa mkupuo dakika 10 kabla ya imsaki. Mwili hauweki ghala la maji. Yakija mengi ghafla, figo huyatoa, na saa 1 asubuhi yameshaenda.

Gawanya hivi, kwa bilauri ya robo lita: mbili wakati wa kufuturu, moja pamoja na kahawa, moja baada ya Isha, moja kabla ya kulala, tatu wakati wa daku. Hizo ni 8, lita mbili. Anayeshinda juani, kama shemeji, kwenye joto la Kisumu linalofika nyuzi 30, aongeze mbili kati ya Isha na kulala. Nakuru ni baridi zaidi kwa kuwa iko juu, na hilo linawadanganya ndugu zetu wa Bondeni: Februari hewa yao ni kavu, unapoteza maji kwa kupumua na hutoki jasho la kukukumbusha. Kipimo ni mkojo wa wakati wa Alasiri. Ukiwa wa manjano hafifu uko sawa. Ukiwa wa rangi ya chai, maji ya usiku hayakutosha. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo aliyewekewa kiwango cha maji na daktari asifuate hesabu hii. Afuate ya daktari wake.

Kwa daku yenyewe, viazi vitamu, uji wa wimbi, mayai, maharagwe yasiyo na chumvi nyingi, ndizi, tango au tikiti. Kina mama wenye upungufu wa damu wasiinywe kahawa pamoja na maharagwe na mboga, kwa sababu huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Wao waiache kwa jioni, saa moja baada ya kula, na kile kikombe cha daku wakishushe polepole hadi kiishe kabla ya mwezi.

Siku ya Idi

Hapa shemeji aliteleza. Mwezi mzima alikuwa amekaa kwenye 150, hakuumwa kichwa ila siku ya pili, saa 11 jioni, kidogo. Asubuhi ya Idi, baada ya swala, alizunguka nyumba nne na kila nyumba alipewa kahawa au chai. Adhuhuri alikuja kwangu moyo unamwenda mbio, kaenda msalani mara sita, na kiu ambayo hakuisikia siku yoyote ya mfungo. Mwili ulikuwa umeshasahau zile 390.

Nilimpa maji na ndizi, akalala kivulini hadi Alasiri. Siku sita za Shawali alizifunga kwa kipimo kile kile cha Ramadhani, kijiko kimoja na nusu wakati wa daku na kimoja jioni, na hadi leo anapofika nyumba ya pili siku ya Idi husema, "Shemeji, mimi niwekeeni maji."